Kadi Zenye Kona Iliyokatwa

Makatoni ya sabuni Mwalimu Awor aliyaomba dukani kwa Mhindi, pale Busia, mwezi wa tano mwaka wa hamsini na moja. Aliyabeba kichwani kama mwanamke anayehama nyumba. Watu wa sokoni walimcheka, naye akacheka pamoja nao, maana siku hiyo moyo wake ulikuwa mwepesi.

Jioni alikaa mlangoni mwa chumba chake cha walimu akayakata kwa mkasi wa kushonea. Kila kadi ilikuwa na upana wa vidole viwili. Irabu aliziandika kwa wino mwekundu wa kusahihishia, na konsonanti kwa wino mweusi. Herufi a peke yake aliiandika mara ishirini na nne, kwa sababu Kiswahili hakiendi hatua mbili bila a. Sauti moja aliipa kadi moja: sh ilikaa kwenye kadi yake, ch kwenye yake, ng' kwenye yake, na mb na nd vilevile, ili mtoto asianze kutafuta herufi mbili mahali sikio lake linaposikia kitu kimoja. Alipomaliza, alizichukua kadi zote tena, moja moja, akakata kona ya juu ya mkono wa kulia.

Kona hiyo aliikata kwa ajili ya Akurut.

Akurut alikuwa na miaka kumi, na huu ulikuwa mwaka wake wa pili katika Darasa la Pili. Alikuwa mtoto wa Kiteso, mrefu, mwenye shingo nyembamba, na kichwa chake kilishika kila kilichoingia kwa masikio. Katekisimu aliijua yote. Nyimbo za misa alizijua hata zile ambazo katekista mwenyewe alizipapasa. Lakini mpe kibao na chaki, useme "andika neno punda," mkono unapotea. Herufi p ilimgeukia ikawa d, n ikasimama kwa kichwa ikawa u, na nyingine alizisahau kabisa njiani. Mwalimu aliyemfundisha kabla ya Awor alikuwa akimchapa vidole kwa rula, neno moja fimbo moja. Tangu hapo mtoto akiona chaki alikunja vidole ndani ya kiganja.

Sasa, kadi ikiwa na kona iliyokatwa, haiwezi kusimama kwa kichwa bila kujulikana. Unaitazama tu. Kona ikiwa chini, umeipindua. Igeuze.

Walioketi benchi la nyuma walikuwa wanne: Akurut, Nangila, Mangeni na Oluka. Shule ya misheni ilikuwa upande wa Kenya, hatua chache kutoka mpakani, na watoto wake walikuwa mchanganyiko, Wateso, Wasamia, na wachache Wapadhola kama Awor mwenyewe, aliyetoka Kirewa upande wa Tororo. Kwa hiyo walifundishwa kwa Kiswahili, ambacho hakikuwa cha mama ya mtu yeyote pale. Darasa la Pili lilikuwa na watoto hamsini na wawili. Darasa la Tatu lilikuwa na viti thelathini. Mwezi wa kumi na mbili alikuja Msimamizi wa shule na mtihani wake, na sehemu yake iliyoogopwa ilikuwa imla: maneno ishirini yanasomwa, mtoto anaandika. Asiyepata kumi hapandi. Na aliyekwisha kurudia mara moja, haruhusiwi kurudia tena. Anatoka.

Akitoka, Akurut alikuwa na mahali pa kwenda, na hilo ndilo lililomwogopesha mama yake. Baba yake, Ojangole, alikuwa kibarua kule Tororo, walikokuwa wakijenga kiwanda cha saruji, na alikuwa ameoa mke wa pili huko. Alituma neno kwa mtu wa baiskeli: msichana asipopanda safari hii, aje Tororo amlelee mke mdogo mtoto.

Mama yake, Alungat, alikuja shuleni na kuku chini ya kwapa.

"Mwalimu, mimi sikusoma. Lakini huyu mtoto hapana mjinga," alisema. "Nakwambia ukweli. Mimi namtuma dukani vitu saba, analeta saba. Mkubwa wake natuma vitatu, analeta viwili na matusi."

"Najua, Mama Akurut. Rudi na kuku wako."

"Kuku si wa kurudi. Wewe fanya apande tu."

Awor alimpokea kuku. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini alimpokea.

Basi kila siku, baada ya wengine kwenda nyumbani, wanne wale walibaki wakakaa chini kwenye mkeka, kadi zimemwagwa katikati. Mchezo wa kwanza waliuita "badili moja". Awor alipanga pita. Mtoto wa kwanza aliruhusiwa kubadili kadi moja tu, neno likiwa bado neno. Nangila aliondoa t akaweka m: pima. Oluka akaondoa p: lima. Mangeni, aliyependa kula, akaweka s: sima. Halafu zamu ya Akurut. Alitazama kadi nne zile muda mrefu, midomo yake ikicheza bila sauti, kisha akaichomoa i ya kwanza na kuweka e.

"Soma uliloweka," Awor alisema.

"Sema," alisema Akurut. Kisha, bila kungoja zamu, akaondoa e, akaweka o. "Soma."

"Ameruka zamu yangu!" Nangila alipiga kelele.

"Mwache," alisema Awor.

Mchezo wa pili ulikuwa wa mwizi. Neno likipangwa, wote wanafumba macho, mmoja anaiba kadi, na wengine wanasema ni herufi gani iliyoibiwa. Hapa Akurut hakushindwa na mtu. Aliiba pia kwa ujanja: alichukua ile herufi ambayo ikiondoka, neno linabaki neno jingine, ili wenzake waone kama hakuna kilichopotea.

"Huyu atakuwa jambazi wa mpakani," alisema Mangeni. "Forodha hawatamwona."

Katekista alipita siku moja, akaona watoto wamezunguka kadi, mmoja anacheka, mmoja anagombana. Alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, Okochi, kumwambia kwamba mwalimu wa kike anafundisha watoto karata. Okochi alikuja mwenyewe, mikono nyuma. Alikuwa Msamia mnene, mchovu, asiyependa kelele za watu wa kanisa.

"Awor, unanifungulia nyumba ya kamari hapa?"

"Kaa ucheze, Mwalimu Mkuu."

Alikaa. Mangeni alimwibia n kwenye neno nanga, naye Okochi akasema hakuna kilichoibiwa. Watoto walicheka mpaka wakalala chini. Okochi naye alicheka, akajipangusa suruali vumbi, akaondoka, na habari ya karata ikaisha.

Lakini kila mchezo wa namna ile una mwisho wake, na mwisho huo si kupanga. Mtoto akishapanga neno, analisoma. Kisha kadi zinafunikwa, naye analiandika kwa mkono wake mwenyewe. Halafu anafunua na kulinganisha. Bila hatua hiyo neno linabaki kwenye kadi. Awor alilijua hilo. Alifundishwa hivyo chuoni, na kwa watoto watatu alifanya hivyo kila siku. Vibao vya kuandikia vilikuwa vitatu tu. Siku ya kwanza alimpa Akurut kimojawapo, mtoto akakunja vidole, machozi yakamjaa. Awor akakichukua kibao, akampa Oluka.

"Wewe panga tu, mwanangu," alimwambia. "Wenzako waandike. Zamu yako ya kuandika itakuja."

Siku ya pili alisema hivyohivyo. Na ya tatu. Mwezi wa saba ukapita, wa nane, wa tisa. Ilikuwa raha kumtazama mtoto yule akipanga. Neno mlango alilipanga kabla wengine hawajaipata kadi ya l. Awor alimwona akicheka, na hakutaka kuvunja kicheko kile kwa chaki. Alijiambia kwamba neno likishakaa kichwani, mkono utafuata wenyewe.

"Akurut anaandika kwa mfuko," Mangeni alimtania siku moja, kwa sababu kadi zilikaa kwenye mfuko wa kitambaa. "Kesho akimwandikia mchumba barua, atampelekea gunia."

Awor alimkemea Mangeni. Ilipasa amshukuru.

Ilipobaki wiki mbili kufika mtihani, alishtuka. Alimpa Akurut kibao, akamwambia aandike kiti. Mtoto aliandika k, akasimama. Alitazama mkeka, mahali kadi zilipokuwa zikikaa, kana kwamba zimeitwa na hazijafika. Kisha akaandika i, na t, lakini t ilikuwa imeangalia upande usio wake. Kwenye kadi herufi haigeuki. Imeshaandikwa na mtu mwingine. Kwenye kibao kila mstari ulitoka kwake, na hakujua uanzie wapi wala uelekee wapi.

Wiki mbili zile walifanya kazi mpaka mtoto akavimba vidole. Alipata nafuu, lakini pole, pole mno.

Siku ya mtihani Awor alimfuata Msimamizi uani kabla hajaingia darasani. Alikuwa Mwafrika mwenye suti ya kijivu na saa ya mnyororo.

"Bwana, nina mtoto mmoja. Naomba apange maneno kwa kadi. Utayaona kwa macho yako."

"Kwa kadi."

"Ndiyo, bwana. Anajua. Mkono ndio bado."

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alizishika kadi, akazipindua, akauliza kona zimekatwa kwa nini, na alipoelezwa akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. "Kazi nzuri," alisema. "Lakini Darasa la Tatu wanaandika barua na hesabu za maneno. Atabeba mfuko huu mpaka lini? Na nikimruhusu huyu, nitamwambia nini yule wa kiti cha thelathini na moja?"

Awor alimtazama Okochi. Okochi alitazama chini. "Viti ni thelathini, Awor," alisema.

Imla ikaanza. Msimamizi alisoma kila neno mara mbili kwa sauti ya taratibu. Shamba. Kiti. Ng'ombe. Mlango. Awor alisimama nyuma ya darasa. Vichwa hamsini na viwili viliinama. Kichwa cha Akurut kiliinama kuliko vyote, kalamu ya risasi ikienda, ikienda, bila kusimama, na kwa dakika chache Awor aliamini kwamba jambo limetokea.

Karatasi zilipokusanywa aliona. Akurut hakuandika maneno. Alichora kadi. Kwa kila sauti alichora kisanduku, na kila kisanduku alikipa kona iliyokatwa upande wa juu wa kulia, na ndani yake, polepole, akatia herufi moja, imesimama sawa, ikitazama inakopaswa. Neno shamba lilikuwa visanduku vinne. Ng'ombe visanduku vinne, ng' pamoja, mb pamoja, na neno hilo watoto ishirini na watano walilikosea. Hakukuwa na kosa hata moja. Maneno yalikuwa manne. Alipokuwa anachora kadi za neno la nne, Msimamizi alikuwa amefika la ishirini.

Nne kwa ishirini.

Nangila alipanda. Oluka alipanda. Mangeni alipata kumi kamili akapanda, akarukaruka uani kama mbuzi, kisha akamwona Akurut amesimama karibu na mlango akaacha kuruka. Alimpa muwa aliokuwa akiutafuna. Akurut aliupokea.

"Mwalimu," alisema, "maneno yaliyobaki nayajua. Muda ndio uliisha." Akayataja palepale, kuanzia la tano mpaka la ishirini, kwa mpangilio wake, kama anavyotaja amri za Mungu. Chakula, barua, kisu, mtungi, njia, na yote yaliyofuata.

"Najua unayajua," Awor alisema.

Alimpa mfuko wa kadi. Kingine cha kumpa hakuwa nacho.

Wiki ya Krismasi Ojangole mwenyewe alikuja kumchukua, na baiskeli. Awor aliwaona wakipita barabarani, baba anakanyaga, mtoto nyuma, mfuko wa kitambaa umefungwa shingoni. Alipunga mkono. Mtoto hakuweza kupunga. Alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili.

Mwaka mpya ulianza na watoto wapya. Awor aliomba vibao vinne, akapewa vitatu, akautoa mlango wa kabati la zamani, akaupaka masizi na utomvu, ukawa cha nne. Hakuna mtoto aliyeruka kuandika tena, hata aliyelia. Watoto wale walimwona mkali. Hakuwakatalia.

Mwezi wa nane, mvua za mchana zikinyesha kila siku, Alungat alikuja shuleni. Safari hii hakubeba kuku. Alikuwa amenyoa nywele zote, na Awor alipoona kichwa kile alishika fremu ya mlango.

"Kichomi," alisema Alungat. "Landhi zao huko Tororo, zile nyumba za vibarua, zina maji chini. Akurut alikohoa siku sita. Walimpeleka hospitali siku ya saba. Mimi nimefika, amekwisha." Aliketi kwenye benchi la nyuma bila kuambiwa ni benchi la nani. "Tumemzika kwetu, Jumatano ya juzi."

Awor aliketi karibu naye. Watoto walikuwa wamekwenda. Mvua iliyapiga mabati kwa nguvu.

Mvua ilipopungua, Alungat alitoa kitu kifuani. Ilikuwa karatasi ngumu ya kahawia, ya mfuko wa saruji, imekunjwa mara nne.

"Mke mdogo amenipa. Sina neno naye, alimtunza. Anasema Akurut akibembeleza mtoto kwa mguu, mkono unaandika. Kila siku. Kwanza anapanga zile kadi zako chini, anazifunika na sufuria, anaandika, anafunua, anatazama. Nani alimwonyesha hivyo?"

"Mimi," alisema Awor. "Nilichelewa."

"Hii ndiyo ya mwisho. Alimwambia mke mdogo nikuletee usahihishe. Alisema, mwambie mwalimu asinionee huruma."

Awor aliifungua juu ya goti. Iliandikwa kwa mkaa. Hakukuwa na visanduku. Ilianza na namba tano. Chakula. Barua. Kisu. Maneno kumi na sita, yale yaliyobaki, kwa mpangilio wake, moja chini ya jingine, herufi kubwa kidogo kuliko inavyotakiwa, zimeshikana mikono kwenye mstari usionyooka sana.

Alikwenda mezani akachukua kalamu ya wino mwekundu. Alungat alimfuata akasimama begani kwake, karibu hata Awor alisikia pumzi yake. Alisahihisha kama alivyosahihisha karatasi yoyote. Alama ya sawa, alama ya sawa, alama ya sawa. Kwenye namba tisa alisimama. Mkono ulitaka kupita. Alichora mkasi mdogo mwekundu.

"Huo ni nini?"

"Hapa amekosea."

"Haya. Endelea."

Alifika mwisho. Alungat alihesabu mikasi kwa kidole, kwa maana kuhesabu aliweza.

"Tatu?"

"Tatu. Kumi na tatu amepata. Na yale manne ya kwanza, kumi na saba."

"Wewe ulitaka ngapi?"

"Kumi."

Nje maji yalikuwa yakidondoka kutoka ukingo wa bati hadi kwenye mfereji, tone kwa tone.

"Kwa hiyo amepanda," alisema.

"Amepanda, Mama Akurut."

"Andika."

Awor aliandika chini ya karatasi, kwa wino mwekundu: Akurut, 17/20, amepanda Darasa la Tatu. Aliweka tarehe na jina lake. Hakuna kitabu cha shule ambamo neno hilo liliingia.

Alungat aliipokea, akaipuliza ikauke, akaanza kuikunja, kisha akasita. Kona moja ya karatasi haikuwepo.

"Panya huko landhi," alisema. "Hawachagui."

"Si panya," Awor alisema. Kona ilikuwa imekatwa kwa wembe au kisu, imenyooka. Alimshika yule mama mikono yote miwili pamoja na karatasi, akaigeuza taratibu mpaka ikakaa sawa. "Ukitaka kuitazama nyumbani, ishike hivi. Penye kona iliyokatwa pawe juu, mkono wa kulia."

"Juu, mkono wa kulia," alisema Alungat.

"Hapo maneno yatakuwa yamesimama."

Alungat aliikunja, akairudisha kifuani, akajifunika kanga kichwani kwa ajili ya matone, akatoka. Pale uani alisimama kidogo, akaitoa tena, akaitafuta kona kwa kidole gumba, akaigeuza.